Leso ya Kisutu Iliyofutwa Pichani

Picha yenyewe si kubwa, hutosha kiganja cha mkono. Ilipigwa mwezi wa Mfunguo Mosi, Februari 1965, katika studio moja ya mjini Nairobi, na tangu siku hiyo imekaa ndani ya kasha la Bibi yangu huko Majengo, Pumwani, ikiwa imefungwa kitambaani pamoja na hati ya ndoa na mkufu uliokatika. Sisi wajukuu wa kike tulikuwa tukionyeshwa sikukuu baada ya sikukuu, mlango ukiwa umefungwa. Wanaume wasio maharimu hawakupata kuitia machoni, kwa kuwa Bibi yumo kichwa wazi, nywele zimesukwa na kutiwa asumini.

Mwezi uliopita, katika maandalizi ya harusi ya mjukuu wake wa nne, kijana mmoja wa ukoo alitaka kumfurahisha. Aliipiga picha ile kwa simu chini ya taa ya sebuleni, akaipeleka kwenye duka la kuchapisha, na huko programu ya kompyuta ikaitia rangi na kuisafisha. Ikarudi imekuwa kubwa kama mlango wa kabati, ndani ya fremu ya dhahabu. Kabla Bibi hajaiona, nakala yake ilikwisha tumwa katika kundi la familia kwenye simu, ambamo mna wakwe, mashemeji na marafiki wa mashemeji.

Tulimwita Bibi uani akaja na miwani yake. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mbele yake palikuwa na bi harusi mweupe wa uso, amevaa gauni jeupe la vitambaa vya wavu, mabega wazi, ameinua macho na meno yanaonekana. Nyuma yake palikuwa na bustani. Bibi akasema, "Mtoto huyu ni mzuri, mashaallah. Lakini mimi simjui." Kisha akaigusa sehemu ya bega kwa kidole na kuuliza, "Na mamangu mmempeleka wapi?"

Hatukuielewa kauli hiyo. Mamake Bibi hayumo katika picha ile. Alikuwa amekwisha fariki ilipopigwa. Baadhi yetu tukadhani ni uzee. Ndipo Bibi akaagiza kasha lifunguliwe, akatoa picha ya asili, akatuketisha juu ya mkeka.

Familia yake haikuanzia Majengo. Nyanya yake aliishi Pangani ya Nairobi, kijiji cha Waislamu wa mwanzo wa mji huu, ambacho serikali ya kikoloni ilikivunja mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wa wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Kabla ya kuvunjwa, mamake Bibi aliozwa huko Pangani, na kwa harusi yake nyanya aliagiza kutoka Mombasa jozi moja ya leso ya kisutu. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa kisutu ni nini, ila vijana wetu wa bara huenda wakahitaji: ni leso ya bi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye alama ndogo ndogo zinazojirudia mji mzima. Mamake Bibi aliivaa siku yake, kisha akaikunja na kuitia udi. Nyumba ilivunjwa, kijiji kikatoweka, jozi ikahamia Shauri Moyo na baadaye Majengo, katika nyumba ya fito na udongo yenye ujia katikati na vyumba vitatu kila upande.

Mama yule alifariki katikati ya 1964. Wanawake walipokwisha kumwosha na kumkafini, likatafutwa la kufunikia jeneza, na mamake mdogo Bibi akaikata ile jozi ambayo kwa miaka yote haikuwa imekatwa. Nusu moja ikatandazwa juu ya jeneza hadi makaburi ya Kariokor, na baada ya maziko akapewa mwoshaji, kama ilivyokuwa ada. Nusu ya pili mama mdogo aliikunja, akamwambia binti wa miaka kumi na saba, "Hii ni yako. Utaivaa siku yako, naye atakuwapo."

Siku yenyewe ilikuja miezi saba baadaye. Posa ilikuwa imekubaliwa mama akiwa hai, na babake Bibi hakuona sababu ya kuahirisha, kwa kuwa sheria haiwawekei watoto eda ya mzazi. Majirani walinong'ona. Bibi mwenyewe hakutaka shangwe kubwa, basi vugo halikupigwa. Nikaha ilifungwa msikitini mtaani baada ya isha, baba akiwa walii, na Bibi akiwa chumbani na somo wake, akisikia takbiri kwa mbali. Mikono ilikuwa imetiwa hina tangu usiku uliotangulia. Asumini zilitoka Mombasa kwa gari moshi la usiku, zimeviringwa ndani ya majani ya mgomba yaliyoloweshwa, na mmoja wa wajomba alikwenda kuzipokea stesheni alfajiri. Bibi anasema nusu yake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, ila harufu ilienea ujia mzima.

Gauni lilishonwa na fundi wa kike wa jirani, kwa kitambaa cha satini ambacho baba alikinunua kwenye maduka ya nguo ya mtaa wa Biashara. Lilikuwa la mikono mirefu, shingo imefungwa. Juu yake, mabegani, somo alimtandazia ile nusu ya kisutu, ncha zikaanguka mbele hadi kiunoni.

Siku ya tatu wakaenda studio. Bibi alivaa buibui njia nzima, akalivua nyuma ya pazia huku mama mdogo amesimama kando akimtazama mpiga picha kwa jicho ambalo, kwa maneno ya Bibi, lingeweza kuvunja lenzi. Hakucheka. Bi harusi wa wakati ule akitazama chini. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, na zaidi ya hapo Bibi alikuwa ametoka kulia ndani ya basi. Mpiga picha alipomaliza aliuliza kama wangependa itiwe rangi. Studio za siku hizo zilikuwa na mafundi waliopaka rangi za mafuta juu ya picha kwa pamba na kijiti, midomo kwanza, kisha nguo, na ili wasikosee waliandika nyuma ya picha rangi ya kila kitu. Babake Bibi aliona nyongeza ya shilingi zile ni israfu. "Laiti angelipa," akasema Bibi, "leo mngekuta imeandikwa."

Sasa nikaelewa swali lake. Katika picha ya asili ile leso ipo, lakini lazima ujue unachokitafuta. Karatasi imezeeka, ina mikwaruzo na madoa ya unyevu, na alama za kisutu zimekuwa nukta za kijivu na za giza zilizotawanyika mabegani. Programu ilipoambiwa isafishe, haikuona leso. Iliona uchafu. Ikaufuta, na palipobaki patupu ikapajaza kwa kile ilichozoea kukiona kwenye mabega ya maharusi katika maelfu ya picha ilizofunzwa, yaani ngozi na wavu mweupe. Hina nayo ikaondoka kwa njia hiyohiyo. Vidole vilivyokuwa vyeusi hadi kiungo cha pili vikatoka safi kama vya mtoto. Nilichokasirishwa nacho zaidi ni kwamba hata sura iliguswa. Kope ziliinuliwa, midomo ikafunguliwa, na weusi wa Bibi, ambao ni wa buni iliyokaangwa, ukafifishwa.

Jambo la rangi lahitaji maelezo kidogo, kwani wengi hudhani kompyuta huifukua rangi iliyojificha ndani ya picha. Hakuna iliyojificha. Filamu ya nyeusi na nyeupe huhifadhi kitu kimoja tu, kiasi cha mwanga uliofika kutoka kila mahali, na hushindwa kutofautisha kama mwanga ule ulitoka kwenye kitu chekundu au cha kijani. Dada msomaji anaweza kujaribu jikoni kwake: weka nyanya mbivu kando ya pilipili hoho ya kijani, uzipige kwa simu, kisha ugeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Aghalabu utaona vijivu viwili vinavyokaribiana sana. Ukimpa mtu asiyewahi kuziona akutajie rangi zake, atabahatisha, na programu nayo hubahatisha hivyohivyo, ila kwa kujiamini kusikotetereka. Kijivu cha gauni la Bibi kilikuwa chepesi na chenye kung'aa. Mashine ikasema jeupe, kwa kuwa maharusi wengi iliowaona walivaa meupe.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka kwa upande mmoja na kirefu kwa upande mwingine. Upande wa haraka ulikuwa kuiondoa picha ile kwenye simu. Mjomba mkubwa alimpigia kila mmoja aliyekuwamo kundini, akamwomba aifute na asiipeleke mbele. Wengine walisema si yeye hasa, mabega yale ni ya mashine. Bibi hakuikubali hoja hiyo. Alisema aliyefunguliwa picha ile na kuambiwa "huyu ndiye Bibi wa Majengo" atakuwa ameyaona mabega ya Bibi wa Majengo, yawe ya kweli au ya kuchorwa. Sikuona la kumjibu. Fremu ya dhahabu ilibaki, ikatiwa kioo, nayo sasa iko chumbani kwa harusi mpya. Kijana aliyeileta hakukaripiwa; Bibi alimwambia nia yake ameipokea, na kazi iliyobaki ataifanya yeye.

Upande mrefu ulikuwa kuipata picha iliyo kweli. Binti mmoja wa jirani yetu huchora kwa kompyuta, na ni mwanamke, hivyo Bibi akaridhika picha iingie mikononi mwake. Jambo la kwanza alikataa kuitumia ile nakala ya simu, kwani taa ya sebuleni ilikuwa imeacha umanjano na mng'ao uliofunika robo ya bega. Aliilaza picha ya asili juu ya skana, akaisoma kwa nukta 600 kwa kila inchi, akaiweka nakala ya kwanza pembeni bila kuigusa kabisa, ili kila tukipotea tuwe na pa kurudia. Katika ukubwa ule, alipotuonyesha bega kwenye kioo cha kompyuta, nukta zilikoma kuwa madoa. Doa la unyevu halina mpangilio, huenea linapotaka na hukata nguo na ukuta bila kujali. Alama za kisutu zilikwenda kwa safu, zikajirudia kwa nafasi sawa, na zikapinda pale leso ilipopindia bega. Zaidi ya hapo zilikuwa vijivu vya aina mbili: kimoja cha giza sana, palipokuwa na weusi, na kimoja cha kati, palipokuwa na wekundu. Bibi alipoona safu zile aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Wekundu upi, hata hivyo? Nusu ile ya leso ingalimo kashani, lakini imefuliwa na kuanikwa mara zisizohesabika, kwani Bibi aliivaa katika kila harusi ya ukoo hadi ilipoanza kuchanika. Leo imekuwa rangi ya tofali kuukuu. Binti yule akauliza kama leso ilipindwa. Ilikuwa imepindwa na mama mdogo mwenyewe, kwa sindano ya mkono, usiku baada ya maziko ilipokatwa. Basi Bibi akachukua wembe, akafumua upindo kiasi cha vidole vitatu tu, akaufungua. Ndani, mahali ambapo jua halikufika tangu 1964, wekundu ulikuwa bado mzito, wa damu ya mzee, na weusi ulikuwa mweusi. Chumba kizima kilinyamaza. Mmoja wa shangazi zangu alianza kulia, naye hakuwahi kumwona nyanya yake hata siku moja. Tukaupiga picha upindo ule mchana, kando ya dirisha bila taa, na rangi ikachukuliwa hapo. Kisha Bibi akaushona tena.

Ngozi ilichukuliwa kutoka upande wa ndani wa mkono wa Bibi, juu ya kiwiko, ambapo jua halijambadilisha. Hina ikarudishwa vidoleni. Rangi zote ziliwekwa juu ya kijivu cha asili mithili ya mtandio mwepesi, ili vivuli na mikunjo ya filamu ibaki chini yake kama ilivyopigwa. Hakuna kope iliyoinuliwa. Mikwaruzo miwili iliyopita usoni iliondolewa. Madoa ya pembeni Bibi alitaka yaachwe, nami sikuuliza kwa nini.

Likabaki gauni. Kitambaa chake hakipo tena, kilikatwa na kuwa nguo za Idi za mama zangu wawili, na nguo hizo zikawa foronya, na foronya zikawa matambara. Bibi anashikilia kuwa lilikuwa la kijani, kijani cha jani changa la mgomba, na kwamba baba alilichagua kwa sababu marehemu alikuwa akiipenda rangi hiyo. Tukampigia simu mdogo wake, anayeishi Kibokoni, Mombasa, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka kumi na mitatu na ndiye aliyelishika pindo bi harusi alipotoka chumbani. Yeye akasema bila kusita kwamba lilikuwa la samawati.

Walibishana kwa robo saa. Kila mmoja alikuwa na ushahidi. Bibi alitaja foronya. Mdogo wake alitaja viatu vya samawati vilivyoazimwa ili vilingane. Viatu havionekani pichani. Binti wa kompyuta alisema kijivu kile kinaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili, na hata rangi ya waridi, na kwamba akitakiwa atafanya picha mbili, kila dada na yake. Shauri hilo lilikaribia kupita.

Bibi ndiye aliyelikataa. Aliagiza gauni liachwe kijivu. Ndivyo picha ilivyochapishwa, kwa ukubwa uleule wa kiganja: msichana mweusi anayetazama chini, hina mikononi, asumini nyeupe kichwani, gauni la kijivu, na juu ya mabega yake kisutu chekundu na cheusi kinachowaka peke yake. Zilichapishwa nakala sita, moja kwa kila binti na moja ya kwenda Kibokoni, na katika simu haikuingia. Nyuma ya kila nakala Bibi aliandikisha kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya: jina lake na la babake, Mfunguo Mosi 1965, nusu ya leso ya mama aliyoolewa nayo Pangani, rangi imetolewa kwenye upindo. Chini yake akaongeza kwa mkono wake mwenyewe, herufi zikitetemeka, "Gauni lilikuwa la kijani."

Nakala ya Kibokoni ilipofika, mdogo wake alipiga simu. Alishukuru, akalia kidogo kwa ajili ya mama, kisha akauliza kama tunayo penseli, kwani nyuma ya yake anataka kuandika samawati.